Daftari la Mama Lilipolowa Kumi la Mwisho

Daftari la oda la Mama ni kaunta buku, lile la jalada gumu jeusi lenye mgongo mwekundu, na makazi yake ni juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi mkubwa na kopo la chaki. Mteja akifika, hata kabla ya maji ya kunywa, daftari hufunguliwa. Mama huandika jina, halafu hushika futikamba na kuanza kupima huku akitaja namba kwa sauti, nami au kaka yangu tunaandika. Namba hizo haziandikiwi maelezo. Zina mpangilio wake ambao haujabadilika tangu nikiwa shule ya msingi: bega, kifua, kiuno, hipsi, mkono, urefu. Ukiona 15, 38, 31, 42, 9, 56, hiyo ni gauni ya mtu mzima, kwa inchi, na kila mtu wa nyumba yetu anaisoma kama anavyosoma namba ya simu.

Chini ya vipimo huja mstari wa pesa na siku: bei ya kushona, advansi iliyotolewa, baki, na siku ya kuchukua. Mstari huu Mama alipenda kuuandika kwa kalamu nyekundu ya jeli, ile inayoteleza vizuri, ili jicho liuone upesi. Vipimo viliandikwa kwa kalamu ya kawaida ya buluu. Mwisho kabisa alikata kipande kidogo cha kitambaa cha mteja, ukubwa wa kucha ya dole gumba, akakibana kwa pini ya stepla pembeni. Kwa mpangilio huo ameendesha kazi miaka mingi, ametusomesha, na hajawahi kumpa mtu kitambaa kisicho chake.

Sasa, Ramadhani ile iliangukia masika. Dar es Salaam masika ni kuanzia Machi hadi Mei, na bati la chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana ya Mama, lilikuwa na tundu juu ya ile meza. Tundu lilijulikana. Lilikuwa na ndoo yake. Mvua ikianza, mtu yeyote aliye karibu huweka ndoo mezani, na ikijaa hubadilishwa. Mwezi 22, alasiri, mvua ilinyesha kwa nguvu wakati Mama yupo Kariakoo ananunua bitana na zipu. Shangazi, ambaye huja kukaa nasi kila Ramadhani, alikuwa jikoni na futari. Mdogo wetu wa mwisho alitumwa maji ya kuoshea mihogo, akaiona ndoo imejaa maji safi ya mvua, akaichukua akaenda nayo jikoni. Hakurudisha nyingine. Maji yakaendelea kudondoka palepale, na palepale palikuwa na daftari limefunguliwa.

Mama aliporudi, kitu cha kwanza alichoona ni maji mekundu yanayotiririka kwenye mguu wa meza. Alidhani mtu ameumia.

Kilichotokea ndani ya lile daftari kinafaa kuelezwa polepole, maana ndicho kilichotutesa siku zote zilizofuata. Wino wa kalamu ya kawaida una mafuta, kwa hiyo maji hayauondoi kwa urahisi. Wino wa jeli umetengenezwa kwa maji, na ule wa kalamu ya Mama maji yakiukuta huutawanya. Vipimo karibu vyote vilikuwepo, buluu, vimefifia kidogo lakini vinasomeka. Mistari ya chini yake, yaani bei, advansi, baki na siku, iligeuka ukungu wa waridi. Tulikuwa na kifua na hipsi za karibu wateja wote, lakini hatukujua nani analipa nini wala nani anachukua lini. Na juu ya hapo, vile vipande vya vitenge vilivyobanwa pembeni vilikuwa vinachuja rangi. Rangi ya kipande kimoja cha kijani ilikuwa imefunika nusu ya ukurasa.

Kaka alitaka kulipeleka nje likaushwe mara mvua itakapokatika. Mama alimkataza. Karatasi iliyolowa ukiifunua kwa haraka inachanika, na zikikaukia pamoja kurasa zinagandana kama gundi. Tuliwasha pangaboi, tukakata magazeti ya zamani, na kila baada ya kurasa chache tukaingiza gazeti. Gazeti likilowa linatolewa, linaingizwa kavu. Baada ya tarawehe kurasa zilianza kuachana zenyewe, na hapo ndipo tulipozifunua mojamoja kwa ncha ya kisu cha siagi. Wakati wa daku tulikuwa na daftari zima, limevimba mara mbili ya unene wake, na Mama amekaa kwenye kiti cha cherehani anatazama ukurasa baada ya ukurasa bila kusema.

“Vitambaa vyote vipo,” alisema mwishowe. “Hakuna kilichopotea isipokuwa ahadi.”

Shangazi akamjibu kwamba basi tukazitafute ahadi, na kila mmoja apewe sehemu yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu kilichomo ndani. Tulitoa mafungu yote kabatini na chini ya meza, tukayapanga kitandani na sakafuni: ambayo hayajakatwa upande mmoja, yaliyokatwa upande wa pili, yaliyoshonwa nusu upande wa tatu, na yaliyokwisha yakatundikwa. Hapo tulipata jambo ambalo daftari zuri la zamani halikuwahi kutuonyesha. Nguo tano zilikuwa zimekwisha kabisa, zimepigwa pasi, zimekaa kabatini, baadhi yake tangu kabla ya Ramadhani. Mama alikuwa na alama moja tu ya kumaliza kazi, vema kubwa kwenye jina, na aliiweka siku nguo ilipokwisha kushonwa. Hakuwa na alama ya siku ilipochukuliwa. Kwa hiyo vema ilipowekwa, jicho lake liliruka lile jina, na baki ya mteja ikalala kabatini pamoja na nguo yake. Wateja wenyewe hawakuwa wakorofi. Mmoja alikuwa amesafiri, mwingine alikuwa anasubiri kuambiwa kwamba ipo tayari.

Baada ya hapo ndipo tulipogeukia pesa. Mama hana risiti ila ana simu, na zaidi ya nusu ya wateja wake hutuma advansi kwa simu. Kaka alikaa na ujumbe wa pesa zilizoingia, akarudi nyuma hadi Shaabani, akaandika kila kiasi na tarehe kwenye karatasi mpya. Nilikuwa nadhani hapo tumemaliza. Shida ni kwamba ujumbe wa pesa huja na jina lililosajiliwa kwenye laini, na laini za watu wetu zimesajiliwa kwa majina ya waume, kaka, watoto, hata wapangaji waliokwisha kuhama. Majina saba hatukuyajua kabisa.

Lililotufundisha zaidi ni gauni moja la lesi. Lilikuwa la mwalimu mmoja wa mtaa wa pili, lesi ya rangi ya maziwa yenye bitana, bei ya kushona 60,000. Mama alikumbuka vizuri kwamba amepokea 20,000, na kwenye simu ile 20,000 ilikuwepo kwa jina la mwalimu mwenyewe. Kwa hiyo tukaandika baki 40,000. Alipopigiwa simu, mwalimu alisema kwa upole, “Hapana mama, mimi nimeshakupa 30,000.” Mama hakubishana. Alimwomba amtajie siku aliyotuma hiyo ya pili. Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo mwalimu alipita na gauni la mfano. Kaka akatazama Ijumaa ile, akakuta 10,000 kutoka kwa jina la mwanamume tusiyemjua. Alikuwa mdogo wake mwalimu. Kwa hiyo baki ilikuwa 30,000, na kama tungelishikilia kumbukumbu ya Mama tungemdai mtu mwaminifu 10,000 isiyo yetu, tena ndani ya kumi la mwisho. Tangu siku hiyo kila pesa ya simu inayoingia hutafutiwa mwenyewe palepale, na namba za mwisho za muamala huandikwa pembeni ya jina la mteja.

Waliolipa taslimu walikuwa wagumu zaidi, kwa kuwa hawakuacha alama yoyote. Lakini fungu la kitambaa lenyewe lina ushahidi kidogo, na Mama ndiye aliyeuona. Yeye hanunui bitana wala zipu kwa pesa yake. Advansi ikiingia ndipo anapokwenda dukani. Kwa hiyo fungu lenye bitana ndani yake lina advansi, na advansi hiyo haiwezi kuwa chini ya gharama ya vilivyomo. Yadi 3 za bitana kwa 3,500 ni 10,500, ukiongeza zipu ya 1,000 unapata 11,500. Mteja wa fungu hilo alipoulizwa alisema alitoa 15,000, na hesabu haikumpinga. Fungu jingine halikuwa na bitana wala zipu, ni kitambaa kitupu na vipimo, na mwenyewe alipopigiwa alicheka akasema hajatoa hata shilingi, alikuwa anasubiri mshahara.

Shangazi alipewa kazi ya kupiga simu hizo, kwa kuwa ana sauti inayomtuliza mtu. Hakumwambia mteja yeyote kiasi tulichodhani. Aliuliza kwanza: “Mwanangu, nikumbushe tulikubalianaje?” Akasikiliza, akaandika, ndipo akatazama karatasi ya kaka. Karibu wote walisema kile kile kilichokuwepo kwenye karatasi hiyo au kinachoingia akilini. Mmoja tu, mwenye magauni mawili ya watoto, alisema amelipa yote. Mama hapokei pesa yote kabla ya kushona, hajawahi, na sote tulijua. Lakini hatukuwa na karatasi, na mtu asiye na karatasi hana hoja. Mama alisema aandikiwe “imelipwa yote”, na magauni yakashonwa kama mengine, bila kupunguziwa hata kifungo.

Zikabaki siku za kuchukua, na hapa Shangazi alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Simu mbili za mwanzo aliuliza, “Ulisema utakuja kuichukua lini?” Wote wawili wakajibu kesho. Mtu anayeulizwa hivyo na fundi hutaja siku ya karibu, kwa sababu amezoea kucheleweshwa na anajiwekea akiba. Kuanzia simu ya tatu akabadilisha: “Nguo hii unaivaa wapi, na siku gani?” Majibu yakawa ya kweli. Wengi walisema sikukuu. Wawili wenye sketi na blauzi za kitenge walisema ni sare ya harusi, wiki mbili baada ya Idi. Mwenye gauni moja kati ya magauni matatu ya lesi alisema ni la hafla ya kumuaga binti, nayo pia ni baada ya Idi. Kumbe hao watatu tulikuwa tunawakimbilia kana kwamba wamekalia mlango, wakati nguo zao zina nafasi.

Ilipofika jioni ya mwezi 23 tulikuwa na orodha kamili, na Mama akaniambia niiandike upya kwa muda wa kazi. Hilo hakuwahi kulifanya. Siku zote aliandika ahadi kwa mteja mmojammoja, aliyesimama mbele yake, naye anamtazama usoni. Hakuwahi kuziweka ahadi zote upande mmoja na saa za cherehani upande wa pili. Tulizihesabu hivi, kwa mwendo wake yeye, kukata na kushona pamoja. Madera 9, saa 1 kila moja. Magauni ya watoto 8, saa 2 kila moja. Kanzu 5, saa 3. Sketi na blauzi 4, saa 4. Magauni ya lesi 3, saa 6. Jumla saa 74.

Kisha tukahesabu alichonacho. Mwezi unaweza kuandama jioni ya 29, kwa hiyo fundi hawezi kuiweka siku ya 30 kwenye hesabu yake. Ikija ni nyongeza, basi. Kuanzia 24 hadi 29 ni siku 6. Kwa siku alikuwa anashona kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, halafu anaingia jikoni, na baada ya tarawehe tena kuanzia saa 4 usiku hadi saa 7. Saa 8 kwa siku, mara 6, ni saa 48. Na hiyo ni kama umeme haukatiki. Ukikatika anarudi kwenye cherehani ya kukanyaga, nayo ni ya polepole zaidi, tena ovaloki inasimama kabisa.

Mama aliitazama ile 74 na ile 48. Aliniuliza kama nimejumlisha sawasawa. Nikajumlisha tena mbele yake.

“Kwa hiyo hata daftari lisingelowa,” alisema, “ningelala usiku wa Idi nimewaudhi watu kumi.”

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila sikukuu nyumba yetu ilikuwa na wateja wanaolia kibarazani. Nilikuwa nikiwaona tangu mdogo, na nikidhani ni desturi ya kazi. Kila ahadi ilikuwa ya kweli ikisimama peke yake. Zikijumlishwa hazikuwezekana, na hakuna ukurasa wa daftari uliozijumlisha.

Basi tukazipunguza. Sare mbili za harusi zilitolewa kwenye orodha ya Idi, saa 8. Gauni la lesi la kumuaga binti, saa 6. Zikabaki 60. Madera 9 yalipelekwa kwa fundi jirani, mzee mmoja mwenye cherehani mbili na kijana wa kumsaidia. Mama alichagua madera kwa makusudi. Dera ni nguo ya kupwaya, ukijua bega na urefu umemaliza. Nguo ya kubana huwezi kuitoa nje kwa namba tupu, kwa sababu kila fundi ana namna yake ya kuandika. Mama anaandika mwili ulivyo, na nafasi ya kupumulia, inchi 2 kifuani kwa gauni la kubana, anaiongeza wakati wa kukata. Yule mzee anaiongeza kabisa wakati wa kuandika. Akipewa 38 ya Mama ataikata 38, na mteja hatapumua.

Zikabaki saa 51. Saa 3 za mwisho Shangazi alisema ni zake: pindo, vifungo vya kanzu na kulabu za magauni, vyote kwa sindano ya mkono, baada ya daku. Zikawa 48.

Malipo ya mzee yalikuwa 5,000 kwa dera, yaani 45,000, na Mama hakuwa nazo. Zilipatikana kabatini. Wenye zile nguo tano zilizolala walipigiwa simu, watatu wakaja siku ile ile, na baki zao zilifika 52,000. Pesa ya kuokoa Idi ilikuwa imetundikwa kwenye hanga ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Kuna fungu moja lililotushinda usingizi. Lilikuwa gauni la lesi la pili, na ukurasa wake ndio ule uliofunikwa na rangi ya kijani ya kipande cha kitenge cha ukurasa wa jirani. Kifua kilisomeka 3 na namba nyingine iliyozibwa: ama 36 ama 38. Mwenyewe alikuwa Mafia, anarudi siku moja kabla ya sikukuu, na simu yake haipatikani. Inchi 2 kwenye lesi si jambo dogo. Ukikata ndogo huongezi, kwa sababu maua ya lesi yakishakatwa hayaungiki. Kaka alisema tukate 38, ikizidi tutapunguza. Mama akasema ngoja, bitana si imekatwa?

Ilikuwa imekatwa kweli, kabla ya mvua. Aliitandaza mezani, akaiweka futikamba kifuani. Bitana hukatwa ikiwa imekunjwa, kwa hiyo unachopima ni robo ya mwili. Kama kifua ni 36, ukiongeza 2 unapata 38, robo yake 9 na nusu, na inchi 1 ya mshono: 10 na nusu. Kama ni 38, ukiongeza 2 unapata 40, robo yake 10, na inchi 1 ya mshono: 11. Futikamba ilisoma 11. Mama aliandika 38 kwenye karatasi mpya, kwa kalamu ya kawaida, akakata lesi usiku ule ule. Mwenye gauni alipolivaa lilimkaa bila kuguswa tena.

Siku zilizofuata sina mengi ya kueleza, maana zilikuwa za kazi. Umeme ulikatika usiku mmoja kwa muda mfupi. Kanzu moja ya mtoto ilirudi kwa sababu mikono ilikuwa mirefu, ikakunjwa. Mzee alileta madera 9 siku ya 27, yamekunjwa vizuri, na moja lake alikuwa amelishona nyuma mbele, akalifumua palepale kibarazani huku anazungumza na Shangazi habari za kwao Tanga. Mwezi uliandama jioni ya 30, tukapata siku ya ziada ambayo hatukuihesabu, na Mama aliitumia kulala.

Idi ilipofika, wateja wote wa sikukuu walikuwa na nguo zao isipokuwa mmoja, mwenye sketi na blauzi aliyebadilisha mshono siku ya 28 akataka mikono ya puto. Mama alimwambia waziwazi kwamba mshono mpya ni ahadi mpya, na siku yake ni baada ya sikukuu. Hakufurahi, lakini alijua mapema, akavaa nguo nyingine.

Kaunta buku mpya ilinunuliwa siku ya pili ya Idi, na imepangwa tofauti. Ukurasa wa kushoto ni wa vipimo, na tarehe ya kupima juu yake, kwa sababu wapo wanaosema “vipimo vyangu si unavyo” na vipimo hivyo ni vya kabla ya mimba mbili. Ukurasa wa kulia ni wa bei, advansi na namna ilivyolipwa, baki, siku ya kuvaa, na siku ya kuchukua, ambayo ni siku mbili kabla ya kuvaa ili kuwe na nafasi ya kurekebisha. Vema zimekuwa mbili, ya kwisha na ya kuchukuliwa. Kipande cha kitambaa bado kinabanwa, lakini kwanza kinalowekwa kwenye glasi ya maji, na kikichuja kinafungwa kwenye nailoni, na mteja anaambiwa kitambaa chake kinachuja. Kalamu nyekundu ya jeli imepelekwa shule na mdogo wetu.

Mwisho wa daftari, Mama ameacha kurasa kumi na mbili, moja kwa kila mwezi. Humo hakuna majina wala vipimo, ni siku na saa tu. Akimpokea mteja hufungua huko kwanza. Kila siku ina saa 8, na kila oda inakula zake. Siku ikijaa anaipigia mstari. Mteja akisema anataka Ijumaa, na Ijumaa ina mstari, Mama humgeuzia daftari aone mwenyewe. Mwanzoni nilidhani watu watakwenda kwa fundi mwingine. Baadhi walikwenda. Wengi zaidi walichagua Jumatatu.

Na kila anayeacha kitambaa sasa huondoka na karatasi. Mama alinunua kitabu cha risiti chenye kaboni. Juu yake anaandika jina, kazi, bei, advansi, baki na siku, nakala inabaki kwetu, halisi inakwenda na mteja. Yule wa magauni mawili ya watoto alirudi mwezi wa sita na kitenge kipya. Aliandikiwa ya kwake kama kila mtu, akaikunja akaiweka kwenye pochi. Alilipa baki yote siku ya kuchukua.

Wewe unayepeleka kitambaa kwa fundi wako wiki hii, usimwambie unaitaka haraka. Mwambie siku utakayoivaa, lipa kwa laini yenye jina lako au mtajie jina litakaloonekana, na usiondoke kibarazani kwake bila karatasi. Bati letu limezibwa.